Kusoma kipengele cha bei na kima cha chini cha manunuzi katika mkataba wa umeme wa sola

*Swali: Sisi ni kamati ya nishati ya kijiji, Tanzania. Kampuni ya gridi ndogo ya sola imetuletea mkataba wa umeme wa pampu ya kisima. Kipengele kimoja kinasema: "Mnunuzi atachukua na kulipia, au atalipia hata asipochukua, uniti zisizopungua 400 kila mwezi kwa Bei ya Mchana. Bei ya Mchana ni shilingi 900 kwa uniti na itarekebishwa kila mwaka." Wajumbe wengine wanasema maana yake ni kwamba tumehakikishiwa uniti 400. Ni hivyo? Na tukitia saini tunajifunga kwa nini hasa?*

Sivyo, ndugu wanakamati. Soma tena maneno "au atalipia hata asipochukua". Aliyeahidi hapo ni ninyi, si kampuni. Kampuni haijasema itawapa uniti 400. Ninyi ndio mmesema mtalipia uniti 400 hata mita ikisoma 50. Ahadi ya kampuni kuwa na umeme wa kuwauzia inatakiwa iwe kwenye kipengele kingine. Kitafuteni. Kama hakipo, mmefungwa upande mmoja.

Kampuni haikosei kutaka kima cha chini. Gharama kubwa ya gridi ndogo ni paneli, betri, inveta na nguzo, na hizo zinalipiwa ziwe zinatumika au hazitumiki. Jua la mchana lisipopata wa kulitumia, betri zikishajaa, umeme wake unapotea bure. Pampu inayofanya kazi mchana na kujaza tangi ni mteja mzuri sana kwao, na ndiyo maana wanawapa bei ya mchana iliyo nafuu kuliko ya usiku. Kwa hiyo jambo la kujadiliana ni ukubwa wa kima na namna kinavyohesabiwa. Kukikataa kabisa kutawapotezea pia ile bei nafuu.

Anzeni na pampu yenyewe. Kupandisha lita 1,000 za maji mita moja juu kunahitaji takriban wati-saa 2.7 za nguvu halisi. Tuseme jumla ya kimo, kuanzia usawa wa maji kisimani wakati pampu inavuta hadi juu ya tangi, pamoja na msuguano wa bomba, ni mita 60, na pampu na mota kwa pamoja zina ufanisi wa asilimia 45. Hesabu inakuwa hivi:

```
2.7 x 60 / 0.45 = 360 Wh = uniti 0.36 kwa lita 1,000
```

Kiangazi kijiji kikichota lita 40,000 kwa siku, pampu inakula uniti 14.4 kwa siku, yaani 432 kwa mwezi wa siku 30. Mtu akiangalia hapo ataona 400 ni kima cha haki. Tatizo ni mvua. Watu wakikinga maji ya paa na visima vifupi vikijaa, uchotaji ukishuka hadi lita 15,000 kwa siku, mwezi mzima unatumia uniti 162 tu. Bado mtalipia 400, yaani shilingi 360,000. Gawanyeni kwa 162: kila uniti mliyoitumia kweli imewagharimu takriban shilingi 2,222. Bei ya 900 iliyoandikwa kwenye mkataba mwezi huo haipo.

Chukueni mwaka wenye miezi saba ya kiangazi na mitano ya mvua. Matumizi halisi ni uniti 3,834, ambazo kwa shilingi 900 ni 3,450,600. Kwa kima cha kila mwezi mtalipia uniti 5,024, yaani shilingi 4,521,600. Tofauti ni shilingi 1,071,000 za maji ambayo hayakupandishwa, na fedha hiyo itatoka kwenye bei ya ndoo, kwa sababu mradi wa maji hauna mfuko mwingine.

Wengi wakifika hapa huomba neno "kila mwezi" libadilishwe liwe "kwa mwaka", halafu wanaona wamemaliza. Hawajamaliza. Kima cha 400 mara miezi 12 ni uniti 4,800, bado ni zaidi ya 3,834. Mtalipa 4,320,000 badala ya 4,521,600. Mmeokoa shilingi 201,600 tu. Neno "kwa mwaka" linasaidia pale tu namba nayo inaposhuka chini ya matumizi yenu ya mwaka. Ninachopendekeza ni kima cha mwaka kisichozidi asilimia 80 ya matumizi mnayoyatarajia. Kwa mfano huu ni karibu uniti 3,000. Mwaka wa kawaida hakitawagusa kabisa, na kampuni bado ina uhakika wa kuuza sehemu kubwa ya umeme wake wa mchana. Kama hamna rekodi za mwaka mzima, ombeni mwaka wa kwanza uende bila kima, mita isomwe kila mwezi, namba ipangwe baada ya hapo. Makisio ya mauzo ya kampuni yasikubaliwe kuwa ndiyo matumizi yenu: mara nyingi yanahesabu pampu kama inazunguka saa zote za jua, mwaka mzima.

Sasa kuna mtego mdogo ndani ya maneno "kwa Bei ya Mchana", na huu ndio unaopita bila kuonekana. Kipengele hicho kinaweza kusomwa kwamba uniti zinazohesabiwa kwenye kima ni za mchana peke yake. Pampu nyingi zinawashwa na boya la ndani ya tangi: maji yakishuka, boya linashuka, pampu inawaka yenyewe. Wanakijiji wanachota sana jioni, kwa hiyo boya linaiwasha saa moja usiku. Uniti hizo zinatozwa bei ya usiku, ambayo ni kubwa kwa kuwa zinatoka kwenye betri, na wala hazipunguzi deni la kima. Mnalipa mara mbili kwa maji yaleyale. Dalili yake iko kwenye ankara: uniti za usiku zipo, na papo hapo kuna mstari wa "upungufu wa kima". Dawa ni mbili. Fundi afunge saa ya kuzuia pampu isiwake nje ya saa za mchana, ikiwa tangi linatosha maji ya jioni hadi asubuhi. Na mkataba useme kwamba uniti zote zilizopita kwenye mita ya pampu, mchana au usiku, zinahesabiwa kwenye kima. Saa za mchana nazo ziandikwe wazi, kwa mfano saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, zisiachwe kuwa "wakati wa jua".

Umeme usipokuwepo inakuwaje? Kwa maneno ya sasa, inveta ikifa wiki nzima bado mnadaiwa 400, maana hakuna panaposema vinginevyo. Kima lazima kipungue kulingana na saa ambazo umeme haukupatikana. Kama saa zilizoahidiwa ni 8 kwa siku, mwezi wa siku 30 una saa 240. Umeme ukikosekana saa 60 kati ya hizo, kima cha 400 kinazidishwa kwa 180 na kugawanywa kwa 240, kinabaki 300. Kwa kima cha mwaka, saa zilizokosekana zinajumlishwa na kukatwa mwishoni kwa njia hiyohiyo. Mwendesha pampu awe na daftari la saa umeme ulipokatika na uliporudi, na mwakilishi wa kampuni alitie saini kila mwisho wa mwezi. Daftari lisilo na saini ya upande wa pili halina nguvu kwenye mabishano. Umeme hafifu nao uhesabiwe kuwa haupo, kwa sababu volti zikishuka sana pampu inagoma au mota inaungua.

Pampu yenu ikiharibika ni habari nyingine. Hapo kampuni ina umeme, ninyi hamna cha kuutumia, na si haki kuwabebesha wao hasara yote. Ombeni kima kisimame kwa muda maalumu, tuseme hadi siku 30 kwa mwaka, mkitoa taarifa ya maandishi. Kuivuta pampu kutoka kisima kirefu, kuagiza nyingine na kuirudisha si kazi ya siku mbili.

Kwenye bei, neno "itarekebishwa" halisemi nani anarekebisha, kwa kipimo gani, wala kama inaweza kushuka. Liachwe hivyo, na bei ya 900 ni ya mwaka wa kwanza tu, huku wajibu wa kulipia kima ukiendelea miaka yote. Itajwe kipimo ambacho kila mtu anaweza kukiona, kama mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, iwekwe asilimia ya juu isiyovukwa kwa mwaka, na taarifa ya siku 60. Kampuni ikitaka bei ifuate dola kwa sababu ya mkopo wake, basi ifuate kwa sehemu tu, kwa kuwa mishahara ya mafundi na walinzi inalipwa kwa shilingi. Ulizeni pia kama 900 ni pamoja na VAT au kabla yake. Kwa kodi ya asilimia 18, 900 inakuwa 1,062. Mkiona tozo ya huduma ya kila mwezi mahali pengine kwenye mkataba, ulizeni inalipia nini ambacho kima hakijalipia. Udhibiti wa bei za umeme nchini uko EWURA, kwa hiyo ombeni nakala ya idhini au usajili ambao kampuni inauegemea, na msikubali kipengele kinachowazuia kupeleka malalamiko huko.

Mwisho, angalieni nani ameandikwa kuwa "Mnunuzi". Kamati ya nishati si chombo chenye nafsi kisheria. Halmashauri ya Kijiji ni chombo hicho, na chombo cha watumia maji kilichosajiliwa nacho ni chombo hicho. Mkitia saini kwa jina la kamati, deni la kima linaweza kufuata watu binafsi. Mnunuzi awe yule anayemiliki pampu na kukusanya fedha za maji, na jambo lipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuandikwa kwenye muhtasari kabla ya saini.

Mnaweza kuwapelekea maneno haya mbadala, mkiweka namba zenu:

"Mnunuzi atalipia uniti zisizopungua 3,000 kwa kila mwaka wa mkataba. Uniti zote zilizosomwa na mita ya pampu, mchana au usiku, zitahesabiwa kwenye kima hiki. Kima kitapunguzwa kwa uwiano wa saa ambazo Muuzaji hakutoa umeme unaofaa kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni, na kitasimama kwa siku zisizozidi 30 kwa mwaka pampu ikiharibika. Upungufu utakokotolewa mara moja, mwisho wa mwaka, na uniti zilizolipiwa bila kutumika zitatumika bila malipo katika miezi 12 inayofuata, juu ya kima cha mwaka huo."

Hayo maneno ya mwisho, "juu ya kima cha mwaka huo", yana upande wake wa kampuni: bila hayo mngetumia uniti za mwaka jana kutimiza kima cha mwaka huu, na hilo hawatalikubali.