Nilivyopandisha bei ya siagi ya karanga kwa shilingi 1,000

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro anayetengeneza sabuni ya maji aliniandikia. Amepandisha bei, ametangaza, na wateja wake wamenyamaza kimya. Nikamwomba anitumie tangazo lenyewe. Lilisema: "Mpendwa mteja, kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji, tunapenda kukutaarifu kuwa bei zetu zimefanyiwa marekebisho." Kiasi hakipo. Tarehe haipo. Na yeye mwenyewe, mtu ambaye wateja wake wanamfahamu kwa sura na sauti, humo ndani hayumo.

Nilimwelewa, kwa sababu mimi nilifanya kubwa kuliko hilo.

Natengeneza siagi ya karanga hapa Dar es Salaam. Kwenye lebo yangu, tangu kopo la kwanza, pameandikwa: "Karanga na chumvi. Basi." Mteja akifungua akakuta mafuta yameelea juu, anajua hayo ni mafuta ya karanga yenyewe. Kwa neno hilo "basi" ndiyo watu wananilipa, maana za bei chini zimejaa madukani.

Mwaka 2022 gharama zilinibana, na niliogopa kusema. Nikaagiza kopo linalofanana na la zamani, jembamba kidogo kiunoni. Bei ikabaki ileile, lakini gramu 400 zikawa 350. Lebo mpya iliandika 350 kwa herufi ndogo, kwa hiyo hata Wakala wa Vipimo wangekuja wasingenikuta na kosa, na hilo nilijivunia. Wiki ya tatu mama mmoja wa Tabata, mteja wangu tangu mwanzo, aliweka makopo mawili kwenye mizani yake ya jikoni, la zamani na jipya, akapiga picha. Hakunitumia mimi. Aliituma kwenye kundi la wazazi wa shule ya wanawe na maneno haya: "Hizi gramu 50 zimekwenda wapi?"

Ndani ya miezi miwili wateja 31 waliacha kuagiza, nami nikarudi kwenye kopo la gramu 400. Nilimpigia yule mama kuomba radhi, akanijibu kwa upole kabisa, na kopo jingine hakununua mpaka leo. Bado linaniuma. Nikipita Tabata namkumbuka.

Kwa hiyo karanga zilipopanda tena mwishoni mwa 2023, nilikaa chini na kalamu kabla sijagusa simu. Karanga za kwetu hutoka Dodoma, Singida, Tabora na kwingineko huko. Mavuno yakishapita bei hulegea, na kadiri msimu unavyosogea mbali hupanda. Kilo niliyokuwa nanunua 3,200 ilifika 4,800. Kilo moja hainipi kilo moja ya siagi. Nikichambua, nikakaanga na kupepeta maganda, nabaki na kama gramu 850. Kopo la gramu 400 linakula karibu gramu 470 za karanga mbichi, yaani nyongeza ya shilingi 750. Kopo tupu nalo lilitoka 900 hadi 1,150, nyongeza ya 250. Jumla shilingi 1,000.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia, na mwenye biashara ya chakula anakijua. Ningeweza kuongeza mafuta ya kupikia, karanga zikapungua. Ningeweza pia kuacha kuchambua kwa makini. Akina mama wanaonisaidia hutoa kwa mkono kila punje nyeusi, iliyosinyaa au yenye ukungu, na katika kila kilo gramu kama 70 zinakwenda jaani. Kwa bei ya 4,800 hizo ni zaidi ya shilingi 300 unazozitupa ukiziona. Lakini ukungu ndio unaoleta sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Mteja hawezi kuona punje ambayo hukuitoa. Kwenye lebo sikuandika neno "kuchambua", lakini mtu anayempakia mwanawe mkate wa siagi yangu anaamini nimechambua, na ahadi hiyo ni nzito kuliko ile iliyoandikwa. Bei ndiyo ilipaswa kupanda, kwa sababu kila kitu kingine nilichoweza kugusa kilikuwa ndani ya ahadi.

Tarehe nayo ilinisumbua. Wiki za kwanza za Januari wazazi wanalipa ada. Nikisubiri mpaka Machi, mwaka ule Ramadhani ilikuwa inaanza mwezi huohuo, na anayepandisha chakula mlangoni mwa mfungo huonekana amewavizia watu, hata awe na hesabu safi kiasi gani. Nikachagua kutangaza Jumatatu, Januari 22, na bei mpya ianze Februari 5. Wiki mbili zinatosha mtu kuagiza mara moja zaidi kwa bei ya zamani.

Ujumbe niliandika hivi:

"Habari za leo. Ni mimi wa siagi ya karanga. Kuanzia Jumatatu, Februari 5, kopo la gramu 400 litakuwa shilingi 8,000. Sasa ni 7,000. Karanga nilizonunua 3,200 kwa kilo sasa nanunua 4,800, na kopo tupu limetoka 900 hadi 1,150. Kila kopo limeniongezea gharama ya shilingi 1,000, na hiyo ndiyo niliyoongeza. Ndani hakijabadilika kitu: karanga na chumvi, gramu 400, zimechambuliwa kwa mkono. Ukiagiza kabla ya Februari 5 utalipa 7,000, mwisho makopo mawili. Mwezi wa saba karanga mpya zikiwa zimeingia nitapiga hesabu upya na kukuambia, zikiwa zimeshuka au hazijashuka."

Wateja wazee niliwaanzia na shikamoo, kama ninavyowasalimu siku zote.

Angalia kiasi kimekaa wapi. Sisi tumezoea kuzunguka mbuyu kwanza, tunashukuru, tunaomba uelewa, tunaeleza hali ilivyo ngumu, na msomaji anazidi kuingiwa hofu kwa sababu bado hajajua ni shilingi ngapi. Salamu, kisha namba na siku. Akishaijua namba ndipo anatulia kusoma sababu. Na sababu iwe ya kitu unachoweza kukitaja kwa bei yake. "Gharama za uendeshaji" mteja hawezi kuzipima, lakini bei ya karanga ataiulizia sokoni siku hiyohiyo, na wapo walioulizia.

Makosa yalikuwepo. Nilituma kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp kwa wateja wote 118, nikalala nimeridhika. Ujumbe wa namna hiyo humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Februari 6 mteja wa Mbagala alinitumia 7,000 kwa simu kama kawaida. Nilipomwambia bei mpya akasema hajaona tangazo lolote. Kufungua taarifa za ujumbe, nikakuta watu 43 hawakupokea. Yule wa Mbagala nilimpelekea kopo lake kwa 7,000, na hao 43 nikawaandikia mmoja mmoja, kila mmoja na wiki zake mbili tangu siku aliyopata ujumbe. Nilipoteza pesa kidogo, ila tarehe niliyompa mtu haina maana kama hakuipata.

Kosa la pili lilikuwa madukani. Nauza kwenye maduka sita, na kwa heshima niliwaambia wenye maduka wiki moja kabla ya wateja. Kesho yake duka moja lilikuwa limeshabandika 8,000 kwenye makopo ya mzigo wa zamani. Wateja walioona wakanipigia: "Mbona hujatuambia?" Tangu hapo maduka na wateja nawaambia siku moja, maduka asubuhi, wateja mchana.

Halafu wakaja wa kulalamika. Kuna mama aliniandikia mara nne akitaka aachiwe 7,000 kwa kuwa ni mteja wa zamani. Ni kweli ni wa zamani. Nilimkatalia, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini ninyi mnaofanya biashara kwa huruma. Ukimpunguzia anayelalamika, umemtoza zaidi yule aliyekujibu "sawa mwanangu" na kulipa. Na wateja wanaongea. Siku mzee wa "sawa mwanangu" akijua jirani yake analipa 7,000, ile hesabu yako ya karanga na kopo anaiona uongo wote, hata kama ilikuwa kweli mpaka senti ya mwisho. Yule mama nilimwambia anaweza kuchukua kopo moja badala ya mawili, bei ni ileile kwa kila mtu. Alinuna wiki tatu, akarudi.

Waliondoka wateja 9. Wengine walipunguza kuagiza, hilo sikulizuia na wala sikulitegemea kulizuia. Shilingi 1,000 ni pesa. Lakini hakuna aliyenipigia picha kwenye mizani.

Julai ikafika, na hapa ndipo najivunia kuliko kote. Karanga zilishuka hadi 3,600 kwa kilo, kopo tupu halikushuka. Nikipiga hesabu, karanga za kila kopo zimepungua shilingi 564. Hakuna mteja hata mmoja aliyenikumbusha ile ahadi ya mwezi wa saba. Mume wangu aliniambia niache, watu wameshazoea 8,000. Kwa siku mbili nilitamani kumsikiliza. Kisha nikaandika: "Nilisema mwezi wa saba nitapiga hesabu. Karanga zimeshuka, kopo halijashuka. Kuanzia Jumatatu ni 7,500." Maduka nikawapunguzia 500 vilevile. Mawili kati ya sita yaliendelea kuuza 8,000, na hilo sina mamlaka nalo, zaidi ya kuwaambia wateja wangu bei ninayouza mimi.

Ukiandika kwamba karanga ndiyo sababu, umejifunga kwa karanga. Zikishuka lazima useme. Kama hutaki kufungwa hivyo, usitaje kitu kinachopanda na kushuka. Taja kile ambacho kweli hakitarudi nyuma, kama kodi ya chumba au mishahara uliyoongeza, na iwe kweli umeongeza.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Morogoro, kabla hujaandika tangazo la pili, nitumie hesabu ya lita moja ya sabuni yako: kila malighafi na bei yake ya mwaka jana na ya sasa, chupa, lebo, usafiri. Nitumie pia kile ulichowaahidi wateja siku ya kwanza, kwa maneno yaleyale uliyotumia. Kama umepunguza uzito wa sabuni kwa maji mwezi huu, niambie na hilo, kwa sababu tangazo litaanzia hapo.