Maswali na Majibu: Kingamwili Hushika Nini, na kwa Nguvu Gani?

"Mgonjwa wangu ana homa na viungo vinamuuma. Rozi Bengali imetoka chanya, lakini anasema ng'ombe wake hawajatupa mimba na hanywi maziwa mabichi. Kipimo kimedanganya?" (Fundi sanifu maabara, Monduli)

Si lazima. Kipimo cha Rozi Bengali hakimwoni brusela, kijidudu anayetupisha mifugo mimba, ndani ya mgonjwa. Kinachoona ni kingamwili yoyote inayoweza kushika brusela waliouawa na kutiwa rangi, wale waliomo kwenye chupa yako ya antijeni. Na kingamwili haishiki kijidudu kizima. Hushika kipande kidogo tu juu yake, kiitwacho epitopi. Kwa brusela, epitopi zinazohusika zaidi na kipimo hiki zimo kwenye mnyororo wa sukari unaochomoza kwenye ukuta wake wa nje, sukari ya aina moja, perosamini, ikijirudia tena na tena.

Sasa yupo kijidudu wa tumboni, Yesinia enterokolitika wa kundi la O:9, ambaye mnyororo wake umeundwa kwa sukari hiyohiyo na karibu kwa viungo vilevile. Aliyeharishwa na Yesinia huyo atakuwa na kingamwili zinazoshika brusela vizuri kabisa. Huo ndio mwitikio mtambuka: kingamwili imefanya kazi yake sawasawa, ila epitopi ina wenye wawili. Kipindupindu cha O1 na E. koli O157 nao wana perosamini, lakini imevikwa kikundi tofauti cha kemikali, kwa hiyo ufanano wao na brusela ni mdogo kuliko wa Yesinia.

Kosa la kawaida hapa ni kurudia kwa kipimo kingine cha mnyororo uleule, yaani kugandisha vijidudu kuwa punje kwenye mirija au elisa ya sukari hiyo, halafu kuhesabu chanya mbili kama ushahidi mara mbili. Ni swali lilelile limeulizwa tena. Hata kingamwili kupanda mara nne katika sampuli mbili zilizopishana wiki mbili au zaidi huonyesha tu kwamba maambukizi ni mapya, haisemi ni ya nani. Kinachotenganisha ni kumtafuta kijidudu mwenyewe: otesha damu kabla ya antibiotiki kuanza, na uwaambie wa chumba cha kuoteshea kwamba unashuku brusela, maana huota polepole na ni hatari kwa anayemshika. Pasipo na huduma hiyo, historia ndiyo mizani. Muulize kama aliharisha wiki chache nyuma. Muulize pia kama amewahi kuzalisha mbuzi au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Maziwa siyo njia pekee, na mifugo isiyotupa mimba bado inaweza kuwa na maambukizi.

"Nimefundishwa kwamba kingamwili za aina ya IgM zina mshiko dhaifu, lakini pia kwamba ndizo hodari wa kugandisha. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli?" (Mwanafunzi wa maabara, Moshi)

Kwa sababu ni vipimo viwili tofauti. Afiniti ni nguvu ya kishikio kimoja juu ya epitopi moja. Huandikwa KD, yaani kiwango cha antijeni kinachojaza nusu ya vishikio; KD ikiwa ndogo, mshiko ni imara. Tuseme KD ni nanomola 10 kwa lita. Antijeni ikiwa nanomola 10, nusu ya vishikio vimejaa; ikiwa 90, asilimia 90; ikiwa 1, asilimia 9 tu.

Aviditi ni mshiko wa molekyuli nzima, vishikio vyote pamoja. IgG ina viwili, IgM ina kumi. Ni kama kishonanguo kwenye suruali: kijimwiba kimoja hung'oka bila taabu, lakini mbegu nzima haikubali kutoka. Chukua kishikio kinachokuwa kimeachia asilimia 1 ya muda. Kingamwili yenye viwili huondoka pale tu vyote viwili vinapoachia kwa pamoja, na kama kila kimoja kingeachia bila kumtegemea mwenzake, hiyo ingekuwa asilimia 0.01. Hesabu hiyo imerahisishwa, lakini inaonyesha kwa nini ongezeko ni la kuzidisha, si la kujumlisha. Sharti ni epitopi kujirudia karibukaribu, kama zilivyo kwenye mnyororo wa sukari. Protini inayoelea peke yake ikiwa na epitopi moja haiipi IgM faida hiyo.

Watengenezaji wa Rozi Bengali wanalijua hili. Antijeni yake ina asidi, pH 3.65 hivi, na asidi hiyo hudhoofisha sehemu ya IgM yenye mshiko hafifu huku IgG ikiendelea kugandisha. Kwa hiyo usiiongeze maji chupa inapokaribia kwisha. Toa antijeni na seramu kwenye friji mapema zifikie joto la chumba, changanya mikrolita 30 kwa 30, tikisa dakika 4, soma papo hapo. Ukichelewa, ukingo wa tone hukauka na kufanya punje zinazofanana na chanya.

"Seramu moja ilikuwa hasi, tulipoizimua mara 8 ikawa chanya. Antijeni imeharibika?" (Karatu)

Hapana. Kingamwili zilikuwa nyingi mno. Ili punje zijitokeze, molekyuli moja ishike vijidudu viwili. Kila kijidudu kikiwa kimeshajaa kingamwili, hakuna nafasi ya daraja. Mgonjwa mwenye dalili na jibu hasi, zimua seramu yake kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.85 kabla ya kumwambia hana kitu. Ukubwa wa punje nao usiuchukue kuwa kipimo cha afiniti, kwani wingi wa kingamwili huuathiri pia.

"Mjamzito wa wiki 12 ana IgG na IgM za toksoplazma. Tumeshauriwa kipimo cha aviditi. Kinasaidiaje?" (Muuguzi, Arusha)

Swali ni kama toksoplazma, kimelea anayeweza kumfikia mtoto tumboni, aliingia kabla ya mimba au baada. IgM inaweza kubaki mwilini miezi mingi, hivyo peke yake haisemi maambukizi ni ya lini. IgG nayo huanza na mshiko hafifu, kisha seli B, ndizo zinazotengeneza kingamwili, zenye mshiko bora huchaguliwa, na mshiko huimarika kwa miezi. Kipimo hutumia visima viwili vya elisa vyenye seramu ileile. Kimoja huoshwa kwa maji ya kawaida ya kuoshea, kingine kwa yurea, mara nyingi mola 6 kwa lita, ambayo hung'oa kingamwili dhaifu kwanza.

Kisima cha kwanza kikisoma 1.20 na cha yurea 0.78, gawanya: asilimia 65. Tuseme karatasi ya kifaa chako inaita imara kuanzia 60. Kwa vifaa vingi hiyo humaanisha maambukizi yana takribani miezi 4 au zaidi, yaani kabla ya mimba hii. Jibu hilohilo kwenye wiki ya 30 halimsaidii mama, kwa sababu miezi 4 nyuma alikuwa tayari mjamzito.

Angalia namba za mashine kabla ya asilimia. Seramu nzito ikisoma 3.0 na 2.6 itatoa 87, lakini mashine imeshafika ukomo wake na tofauti halisi imefichika; izimue urudie. Yurea ya kutengeneza mwenyewe ni gramu 36, ikamilishwe hadi mililita 100. Hupoa sana inapoyeyuka, kwa hiyo iache irudi joto la chumba, wala usiichemshe kuiharakisha kwa kuwa huvunjika.

Aviditi hafifu haithibitishi maambukizi mapya. Kwa baadhi ya watu hubaki hafifu kwa miezi mingi, na dawa za toksoplazma zinaweza kuchelewesha kuimarika kwake, hivyo andika kwenye fomu kama mama ameshaanza dawa.