Kosa, kuteleza, kughafilika, kuboronga, dosari: neno gani liingie kwenye fomu ya tathmini

"Wakuu habari. Nimepewa fomu ya tathmini ya msaidizi wangu wa stoo. Mwezi huu kuna mambo matatu hayakwenda sawa. Nikiandika kosa, kuteleza, kughafilika, kuboronga au dosari, anayesoma ataona uzito ule ule? Sitaki kumharibia kijana, lakini sitaki pia kuficha."

Mkuu, uzito hauko sawa hata kidogo. Nimewahi kuona neno moja likimfikisha kijana wa watu kwenye hatua za nidhamu, na neno lile niliandika mimi.

Nilikuwa msimamizi wa hesabu kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar. Mwisho wa mwezi, tulipolinganisha daftari letu na taarifa za benki na za wauzaji, mambo matatu yalijitokeza kwenye kazi ya karani wangu wa malipo. Muuzaji mmoja alikuwa amelipwa 1,485,000 badala ya 1,845,000, na akazuia mzigo mpaka amaliziwe. Ankara tano zilikuwa zimeandikwa kodi kubwa kuliko inavyostahili. Halafu kuna ankara moja ya 620,000 iliyolipwa mara mbili. Mzigo uliozuiwa ulikuwa umeniletea simu za hasira tangu asubuhi, kwa hiyo kwenye fomu yake nikaandika mstari mmoja: "Uzembe wa mara kwa mara katika malipo." Nikasaini.

Kesho yake afisa utumishi akaniita. Dada yule ni mtu mpole, na aliniuliza kitu kimoja tu: "Kaka, hili neno umelipima? Ukishaniandikia uzembe mara kwa mara, mimi lazima nimpe barua ya kujieleza." Na kweli alimpa. Kijana alirudi mezani kwake na ile bahasha, akakaa bila kuifungua mpaka saa ya kutoka.

Neno uzembe lina mlango wake kwenye sheria zetu za kazi. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinautaja uzembe uliokithiri miongoni mwa mambo yanayoweza kuhalalisha mtu kuachishwa kazi, kwenye orodha moja na kukosa uaminifu kukubwa, kuharibu mali kwa makusudi na kumpiga mfanyakazi mwenzako. Utendaji duni una njia yake nyingine: mwajiri anatakiwa ampe mtu maelekezo, mafunzo pale yanapohitajika, na muda wa kutosha kujirekebisha. Yaani matukio yale yale, ukiyaita jina moja mtu anapelekwa nidhamu, ukiyaita jina jingine anapelekwa mafunzoni. Na anayeyapa jina ni wewe mwenye fomu, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Afisa utumishi alinipa siku tatu nirudi kuyaangalia upya, moja moja. Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimefunga vitu vitatu tofauti kwenye furushi moja.

Nilianza na ile 1,485,000. Tofauti yake na namba sahihi ni 360,000, na 360,000 inagawanyika kwa 9 bila baki. Wahasibu wa zamani wanaijua dalili hii: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti siku zote hugawanyika kwa 9. Hapo 8 na 4 zilipishana. Lakini dalili si ushahidi, maana namba nyingi tu hugawanyika kwa 9. Kwa hiyo nilimpa ankara ile ile, nikamwambia aiingize tena mbele yangu. Akaiingiza sawasawa, bila kusita. Huku ndiko kuteleza: mtu anajua, alikusudia kilicho sahihi, mkono ukaandika kingine. James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyechunguza sana makosa ya binadamu kazini, aliweka mpaka hapo hapo. Kuna mpango sahihi uliotekelezwa vibaya, na kuna mpango ambao wenyewe haukuwa sahihi. Ukimpeleka mafunzoni mtu aliyeteleza unampotezea muda, kwa sababu hakuna asichokijua. Kinachomsaidia ni jicho la pili kabla pesa haijatoka.

Hapa niweke angalizo ambalo watu wengi hawalifikirii. Mdomoni "kuteleza" ni neno laini, na ndiyo maana tunasema kuteleza si kuanguka. Kwenye karatasi, ukiandika "ameteleza" bila kusema katika nini, msomaji wa Kiswahili anaweza kufikiria mambo ya mwenendo, hasa kama anayetajwa ni mwanamke. Mtaani na hata kwenye nyumba za ibada, mtu "aliyeteleza" mara nyingi si aliyekosea tarakimu. Kwa hiyo litumie pamoja na kitu chenyewe: "aliteleza katika kuandika kiasi, tarakimu mbili zikapishana." Likibaki peke yake linaweza kumchafua mtu ambaye ulitaka kumhurumia.

Jambo la pili, kodi. Ankara ya kwanza kati ya zile tano ilikuwa ya 1,180,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ilikuwa tayari imo ndani. Kodi hapo ni 180,000, kwa sababu unagawanya jumla kwa 118 halafu unazidisha kwa 18. Yeye aliandika 212,400, yaani asilimia 18 ya jumla yote. Ukitoa, unapata 32,400, na hiyo nayo inagawanyika kwa 9! Ningeishia kwenye dalili ya 9 ningesema ameteleza tena. Nilipompa aifanye upya akaleta 212,400 ile ile, akiwa na uhakika kabisa, na akanieleza na sababu. Nikafungua zile nyingine nne, zote zimezidi kwa njia moja. Kuteleza hakuna mpangilio, leo huku na kesho kule. Kosa la kutojua hurudi vile vile kila mara, kwa upande ule ule.

Hili ndilo niliita kosa, na hata hapo nilichagua umbo la neno. Sikilizeni tofauti. Mtu akikupigia simu isiyo yako unamwambia "umekosea namba," na hakuna anayejisikia kulaumiwa. "Amefanya kosa" tayari ni kitendo kilichohesabiwa. "Ana makosa" ni hukumu, ndivyo tunavyosema baada ya kusikiliza pande mbili za ugomvi. Na "kosa" hilo hilo ndilo neno la polisi na mahakama. Kwa hiyo kwenye fomu niliandika: "Anakosea kukokotoa kodi iliyomo ndani ya bei, hakuwahi kuelekezwa." Sehemu ya pili ya sentensi ile ilikuwa kweli, na ilikuwa ngumu kwangu kuiandika, kwa sababu wa kumwelekeza nilikuwa mimi.

Ile ankara iliyolipwa mara mbili ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mwanzoni niliandika "alighafilika", nikidhani nimempa neno la huruma. Kughafilika kunasikika kama kupitiwa, na kupitiwa ni kama usingizi, jambo linakupitia wewe ukiwa umekaa tu. Lakini ndani ya kughafilika kuna wajibu. Huwezi kughafilika na kitu ambacho hukuwekwa kukiangalia. Ukimwandikia mtu neno hilo unasema kwamba alikuwa na zamu ya kuangalia na hakuangalia, kwa hiyo lazima uweze kuonyesha hiyo zamu iliandikwa wapi.

Nikafuatilia. Muuzaji alituma kwanza picha ya ankara kwa simu, ikachapishwa, ikalipwa, ikapigwa muhuri wa IMELIPWA. Siku kumi na moja baadaye ankara halisi ikaja na dereva. Utaratibu wetu ulimtaka karani aangalie muhuri kwenye karatasi iliyo mbele yake. Aliangalia, na muhuri haukuwepo, maana uko kwenye ile nakala nyingine. Programu ya hesabu ilitakiwa kukataa namba inayojirudia, ila mara ya kwanza iliingizwa `INV-0417` na mara ya pili `INV0417`. Kwa programu, hizo ni ankara mbili tofauti, na hakuna mahali tulipowahi kuandika kwamba kistari kiwekwe au kisiwekwe.

Hiyo ni dosari ya utaratibu. Dosari na kasoro ni maneno ya kitu, hayana mtendaji. Hata saa tunasema mbili kasoro robo na hakuna aliyeipunguza hiyo robo. Ndiyo maana yanafaa pale ambapo kitu chenyewe kina tundu, na ndiyo maana pia ni maficho mazuri. Taarifa ikisema "kumetokea hitilafu" bila kutaja ni ya nini, ujue kuna mtu nyuma yake. Dosari halali unaweza kuweka kidole juu yake, na mtu mwingine makini akikaa kiti kile atatumbukia vile vile. Nilimpa karani mwingine zile karatasi mbili bila kumwambia kitu, naye akapitisha zote.

Aliyeghafilika kweli alikuwepo, ila hakuwa karani. Malipo yote mawili yalikuwa na saini yangu ya kuidhinisha, muuzaji mmoja, kiasi kimoja, ndani ya siku kumi na moja. Kuangalia marudio ndiyo ilikuwa zamu yangu, na iliandikwa kwenye majukumu yangu. Nikaliandika hivyo hivyo kwenye maelezo niliyompelekea afisa utumishi. Shauri la nidhamu lilifungwa, nami nikamwomba kijana radhi mbele ya wenzake, kwa sababu wenzake waliiona ile bahasha.

Kuhusu kuboronga, na ndugu yake kuvurunda, usiliandike. Si kwamba ni tusi. Linapima kazi nzima kwa matokeo yake na halimwonyeshi msomaji kitendo chochote. Tarakimu zilizopishana zingeweza kuleta tofauti ya shilingi 90, na hakuna ambaye angesema kijana ameboronga. Zikaleta 360,000 na mzigo ukazuiwa, mkono ukiwa ule ule na umakini ule ule. Kama hasara ni kubwa, andika hasara kwa namba na siku zilizopotea, kisha kwenye sentensi nyingine andika alichofanya. Ukivichanganya, ukubwa wa hasara unageuka kuwa ukubwa wa lawama.

Sasa mkuu, hujasema mambo matatu ya stoo ni yapi, lakini anza kwa kumrudishia kila moja alifanye mbele yako kabla hujagusa kalamu. Tuseme alipokea katoni 48 akaandika 84, na akirudia anaandika 48. Ningeandika: "Tarehe fulani aliteleza katika kuandika idadi, 84 badala ya 48, iligunduliwa wakati wa kuhesabu mzigo, hakuna katoni iliyopotea, kuanzia sasa mpokeaji na dereva wasome idadi kwa sauti kabla ya kusaini." Kama ni bidhaa zilizopitwa na muda kubaki rafuni, tafuta kwanza kama kuna karatasi inayosema ni nani anazikagua na kila baada ya siku ngapi. Kama haipo, usiandike kughafilika.