Usiiamini namba ya umbali peke yake

Ukianza kazi ya kulinda setilaiti zisigongwe na uchafu wa angani, jicho lako litakimbilia umbali wa kupishana. Ukiona mita 600 utapumua, ukiona 50 utashtuka. Jizoeze kuuliza kwanza: umbali huu unaweza kukosea kwa kiasi gani?

Tarehe 10 Februari 2009, Iridium 33, setilaiti ya mawasiliano iliyokuwa kazini, iligongana juu ya Siberia na Kosmos 2251, setilaiti ya Kirusi iliyokwisha kufa. Makadirio yaliyokuwa wazi kwa umma yalionyesha zingepishana kwa mita 584, na siku hiyohiyo kulikuwa na setilaiti nyingine zilizotarajiwa kupishana kwa karibu zaidi. Lakini data za obiti zilizotumika zilikuwa za aina inayoweza kukosea kwa kilomita nzima. Mita 584 ndani ya kosa la kilomita si usalama hata kidogo.

Mgongano huo ulizaa vipande zaidi ya 2,000 vinavyoonekana na rada. Kwenye kimo kile, kilomita 790 hivi, hewa ni haba mno kuvirudisha chini upesi. Hapo ndipo lilipo onyo la wanasayansi wa NASA, Donald Kessler na Burton Cour-Palais, la mwaka 1978: vipande hugonga vingine na kuzaa vingine, hata tusiporusha kitu kipya. Vile vidogo kuliko sentimita 10 kwa sehemu kubwa hatuvifuatilii, ingawa hata cha sentimita moja kinaweza kuua setilaiti.

Siku hizi waendeshaji wengi hujiandaa kukwepa uwezekano wa kugongana unapofikia 1 kwa 10,000. Namba hiyo nayo ina mtego, na ndio ninaotaka uukumbuke zaidi. Rada isipokipima kipande kwa siku kadhaa, eneo kinamoweza kuwemo hutanuka, na uwezekano unaokokotolewa hushuka kwa sababu umesambaa. Hatari haijapungua, tumezidi kutojua. Kwa hiyo angalia kipande kilipimwa lini mara ya mwisho, omba vipimo vipya, kisha rudia hesabu ukipunguza ukubwa wa kosa uone uwezekano unapanda hadi wapi.

Ikibidi kukwepa, wahi. Badili kasi kwa sentimita 1 tu kwa sekunde, kuelekea mbele au nyuma kwenye njia ya setilaiti, na baada ya saa 24 itakuwa imesogea takriban kilomita 2.6 kutoka pale ambapo ingekuwa. Ukingoja hadi saa mbili kabla, msukumo huohuo unakupa kama mita 200.

Kabla ya kutuma amri, linganisha njia mpya na katalogi yote ya vitu vinavyofuatiliwa angani, maana unaweza kukwepa kipande kimoja ukaelekea kingine. Na ikiwa unayepishana naye ana injini, wasiliana na waendeshaji wake mkubaliane nani asogee na nani atulie.