Sini kwa mkono: vipande vingapi vinatosha?

Nimetumia x − x³/6, yaani vipande viwili vya kwanza vya mfululizo wa sini, kutafuta sini ya nyuzi 10, nikapata hasi 156.67. Nimekosea wapi?

Umeweka nyuzi mahali pa radiani, na swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi cha kuchoka. Zidisha nyuzi kwa pai, kisha ugawe kwa 180. Sini haizidi 1 wala haishuki chini ya hasi 1, kwa hiyo jibu lenyewe lilikuwa linakupigia kelele kabla hujaniandikia.

Nitajuaje nikomee kipande cha ngapi?

Amua kwanza unataka nafasi ngapi za desimali, kwa sababu bila hilo swali halina jibu. Ishara za vipande zinapopishana, na kila kipande kikiwa kidogo kuliko kilichokitangulia, kosa la kukomea njiani halizidi kipande cha kwanza ulichokiacha. Kwa pembe ndogo masharti hayo yanatimia tangu mwanzo.

Chukua nyuzi 10, yaani radiani 0.1745329. Kipeo chake cha tatu kikigawanywa kwa 6 ni 0.0008861, na ukikitoa unabaki na 0.1736468. Kipande kinachofuata, x⁵/120, ni 0.0000013 na kidogo, nacho ni cha kujumlisha. Basi sini yenyewe iko kati ya 0.1736468 na 0.1736482. Ncha zote mbili zikikadirishwa kwa nafasi nne zinatoa 0.1736, kwa hiyo vipande viwili vinatosha.

Kwa nafasi sita havitoshi, kwani ncha moja inatoa 0.173647 na nyingine 0.173648. Jumlisha kipande cha tatu upate 0.1736482, cha nne hakifiki hata 0.000000001, hivyo jibu ni 0.173648. Msiishie kuutazama udogo wa kosa peke yake: kadirisheni ncha zote mbili, maana hata kosa dogo sana linaweza kuivusha namba iliyo karibu na mpaka.

Na nyuzi 370?

Toa 360 kwanza.

Nimekokotoa vipande vitano vya sini ya nyuzi 10 kwa pai ya 22/7, nikapata 0.1737, lakini jedwali linasema 0.1736. Niongeze cha sita?

Hata ukiongeza mia, hutalifikia jibu la jedwali. 22/7 inaizidi pai kwa takriban 0.00126, na kwa nyuzi 10 ziada hiyo inaingiza 0.00007 katika radiani kabla hujaanza kutoa chochote. Mfululizo wako unakupa kwa uaminifu mkubwa sini ya pembe nyingine, iliyo kubwa kidogo kuliko uliyoikusudia. Vipande vitatu vya mwisho ulivyovitolea jasho vyote kwa pamoja havifiki 0.0000014, ilhali kosa la pai ni zaidi ya mara 50 ya hapo. Sehemu hiyo inafaa kwa eneo la duara kwenye mtihani wa shule ya msingi. Hapa tumia 3.14159265, na usikadirishe chochote hadi mstari wa mwisho.