Barua ya kuomba kikao kuhusu mpango wa tabia

*"Mtoto wangu ana mpango wa tabia, ule ulioandikwa shuleni wa jinsi ya kumsaidia atulie, lakini bado anatolewa darasani. Nimwandikieje mwalimu mkuu bila kuonekana nagombana?"*

Usiandike "mpango haufanyi kazi", maana hapo mwalimu mkuu ataanza kujitetea. Chukua kipengele kimoja cha mpango, ukiweke kando ya kilichotokea:

"Mpango unasema apewe dakika tano za kutulia kabla ya kubadilisha somo. Jumatatu na Alhamisi alitolewa nje wakati huohuo wa kubadilisha somo. Naomba tuangalie kama alipewa dakika hizo."

Swali hilo ndilo kiini cha kikao. Kama hakupewa, tatizo ni utekelezaji. Kama alipewa na bado akalipuka, basi mpango wenyewe ndio unaohitaji kurekebishwa. Ukichanganya haya mawili, mtatoka na adhabu mpya tu.

Omba mwalimu wa darasa awepo, kwani yeye ndiye anayeona kinachotangulia fujo. Omba pia nakala ya mpango na kumbukumbu za matukio uzipate kabla ya siku hiyo. Pendekeza nyakati mbili, utaje tarehe ya kujibiwa, ubaki na nakala. Ukurasa mmoja unatosha.

— *Barua za nini? Nenda ofisini asubuhi, utasikilizwa.*

Kwa jambo dogo, sawa ndugu yangu. Hapa utaambiwa "tutalifuatilia", mwalimu wa darasa hayupo, na hakuna kilichoandikwa.

— *Na mtoto naye aingie kikaoni?*

Inategemea umri wake. Mimi ningemwita dakika za mwisho, aseme nini humsaidia kutulia.