Mzigo mkono wa kulia, kazi ubavu wa kushoto

Siku ya kwanza ukipewa zoezi la kubeba mzigo kwa mkono mmoja, utadhani umepewa zoezi la mkono. Chuma kimoja, mwendo wa kawaida, kama msafiri na sanduku lake. Baada ya mita 20 vidole vinawaka moto, bega limevutika, na unaondoka ukiamini kazi yote ilikuwa ya vidole na bega. Kesho yake, ukijigeuza kitandani, unasikia uchovu mahali ambapo hukupategemea: ubavuni, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, tena upande ule ambao haukubeba kitu. Hapo ndipo zoezi lilipokuwa.

Ujaribu hata leo, bila chuma. Simama karibu na ndoo iliyojaa maji nusu. Bonyeza vidole vya mkono wa kushoto kwenye nyama laini ya ubavu wa kushoto, juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Sasa shika mpini wa ndoo kwa mkono wa kulia na uanze kuivuta juu taratibu. Nyama iliyo chini ya vidole vyako itakaza kabla ndoo haijaacha sakafu. Nawafanyisha jaribio hili wanafunzi wangu wote wapya, kwa sababu aliyekwisha kuigusa misuli ile ikikaza haulizi tena zoezi hili ni la nini.

Mzigo ulio kulia unataka kuupinda mwili kuelekea kulia. Kinachokataa ni upande wa kushoto. Kuna msuli wa kina uitwao kwadratasi lamborumu, unaotoka juu ya mfupa wa nyonga na kushika ubavu wa 12 na pingili za kiuno. Kuna misuli ya mshazari, wa nje na wa ndani, inayofunika ubavu kama mkeka uliosukwa. Na kuna nusu ya kushoto ya misuli mirefu ya mgongo. Fikiria mlingoti wa jahazi: upepo ukisukuma tanga kutoka kushoto, kamba inayokaza ni ya kushoto, na ya upande wa pili inalegea. Kamba ile haivuti mlingoti uende popote. Inauzuia usiende. Ndivyo misuli hii inavyofanya kazi unapotembea na mzigo: haijikunji wala hainyooki sana, inashika tu, hatua baada ya hatua.

Inashika kwa nguvu kiasi gani? Twende kwa hesabu, maana hesabu hii ndiyo iliyonibadilisha mimi. Chukua mtu wa kilo 70 aliyebeba kilo 24 kwa mkono wa kulia. Chuma kinaning'inia kama sentimita 25 kutoka katikati ya uti wa mgongo wake. Misuli ya kushoto iko karibu zaidi na uti. Tukadirie sentimita 8 kwa wastani. Ni mzani wenye mkono mrefu upande mmoja na mkono mfupi upande wa pili. 24 mara 25 ni 600. Gawanya kwa 8, unapata 75. Kwa hiyo, kilo 24 za mkononi zinaidai misuli ya ubavu nguvu sawa na uzito wa kilo 75, yaani kumzidi hata mtu mwenyewe. Ni makadirio, na miili inatofautiana, lakini picha ni ya kweli.

Sasa mpe mtu huyo kilo 24 katika kila mkono. Mzigo umekuwa mara mbili, ila pande zinalingana, na deni lile la ubavuni karibu lote linafutika. Mwaka 2013 Stuart McGill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliripoti jambo hilohilo kwa vipimo: kilo 30 katika mkono mmoja zilikandamiza sehemu ya chini ya mgongo kuliko kilo 30 katika kila mkono. Kwa hiyo usimdharau mwenye chuma kimoja. Na usichague uzito wa mkono mmoja kwa kuangalia unachoweza kubeba kwa mikono miwili.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa hapo. Nilianza na kilo 32 kwa sababu nilizoea kubeba kilo 32 kila mkono, na kwa miezi kadhaa niliamini ninaendelea vizuri. Kisha mwenzangu akanirekodi kwa simu kutoka nyuma. Nilikuwa nimeinama kushoto kama mnazi wa ufukweni, na mkono mtupu umenyooshwa pembeni. Chuma kilikuwa kinasafiri, lakini ubavu wangu ulikuwa umepata njia ya kupunguza deni.

Rudi kwenye mzani wetu uone jinsi njia hiyo inavyofanya kazi. Sehemu ya mwili iliyo juu ya kiuno cha mtu wa kilo 70 ina uzito wa karibu kilo 35. Ukiiegemeza kushoto kwa sentimita 4 tu, umeweka mzigo wa 140 upande wa pili wa mzani. Deni la 600 limeshuka hadi 460, na misuli sasa inadaiwa kilo 57 na nusu badala ya 75. Karibu robo ya kazi imepotea kwa mwegemeo ambao wewe mwenyewe huusikii. Hiyo ndiyo sababu nasema kilo 16 zilizobebwa wima zinafundisha ubavu kuliko kilo 20 zilizobebwa kwa kuegemea.

Kuna hatua moja inayosema ukweli kuliko nyingine zote. Ukiwa na mzigo kulia, angalia unaposimama kwa mguu wa kushoto huku wa kulia uko hewani. Wakati huo nyonga ya kulia haina kitu chini yake, na mzigo unaivuta idondoke. Misuli ya kando ya nyonga ya kushoto, ile iliyo juu ya kalio kwa nje, inalazimika kuushika mfupa mzima wa nyonga usiiname, huku ubavu wa kushoto ukiendelea kuushika mwili wa juu usipinde kulia. Ukisimama kwa mguu wa kulia, mzigo uko karibu juu ya mguu huohuo, na nyonga inapumua. Ndiyo maana mgeni huchechemea: hatua ya kushoto anaifupisha na kuikimbia, ya kulia anaikalia. Huhitaji hata kuangalia. Sikiliza viatu vyake: tap, TAP, tap, TAP. Sauti zikilingana, nyonga zimelingana.

Mwanafunzi mmoja alinifundisha kutotosheka na macho ya mbele. Alikuwa mwanamke wa kilo 60 hivi, na kwa kilo 16 alionekana wima kabisa kutoka mbele. Nikamfunga mkanda kiunoni, nikakaa nyuma yake. Mzigo ulipokuwa mkono wa kulia, mkanda ulibaki mlalo. Ulipohamia kushoto, mkanda ulidondoka upande wa kushoto kila aliposimama kwa mguu wa kulia, na mabega yakaegemea kulia kufidia. Hayo mawili yalifutana, ndiyo maana mbele hakukuonekana kitu. Tulishuka hadi kilo 10 kwa pande zote mbili, tukafupisha njia hadi mita 15, na kila siku tulianza na upande dhaifu angali na nguvu. Sikumwambia "simama wima", kwa sababu tayari alidhani yuko wima. Nilimwambia asukume sakafu kwa mguu wa kulia kabla ya kuinua wa kushoto. Baada ya wiki 5 mkanda ulitulia kwa kilo 16 pande zote.

Wewe anza na takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wako. Tembea mita 20, weka chini, hamisha mkono, rudi. Mara 3 kila upande zinatosha, na pumzika dakika moja hivi katikati. Chuma kiwe karibu na paja bila kuliegemea. Kikilalia paja, mguu unakubebea. Usikisukume nje pia: sentimita 10 za ziada zinapeleka deni letu la 75 hadi 105. Mkono mtupu uache ucheze kama kawaida. Pumua. Wageni wengi hubana pumzi kutoka mwanzo hadi mwisho, na pumzi ikibanwa tumbo zima linakuwa gogo, kisha pumzi ikiisha kila kitu kinaachia kwa pamoja. Hatua ziwe fupi na za taratibu, maana mwendo wa haraka hukuvusha hatua ngumu bila kuishika.

Vidole vikichoka kabla ya ubavu, fupisha njia. Usikimbilie kamba za kufungia mkono, kwani mshiko utakua wenyewe.

Kubeba kwingine kwa upande mmoja ni ndugu wa hili. Ukishika chuma mbele ya bega, kinakuwa karibu zaidi na uti, hivyo ubavu unadaiwa kidogo na mgongo wa juu unadaiwa zaidi. Ukikiinua juu ya kichwa kwa mkono ulionyooka, bega ndilo linaloamua uzito, na mbavu hupenda kufunguka mbele. Hilo liache mpaka la kwanza litulie. Ukibeba vyuma viwili visivyolingana, kinachokupinda ni tofauti yao tu, na kwa aliyewahi kuumia mgongo ni mlango mzuri wa kuanzia: kilo 12 na kilo 8, tofauti ya kilo 4.

Kuhusu maumivu, tofautisha. Uchovu wa nyama ubavuni siku ya pili ni wa kawaida. Mchomo katikati ya kiuno, au maumivu na ganzi zinazoshuka mguuni, ni sababu ya kuweka chini saa hiyohiyo na kumwona daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya kurudia.

Na waliojiumiza mbele ya macho yangu, karibu wote hawakuumia wakitembea. Waliumia wakiinua au wakiweka. Kuchukua chuma sakafuni kwa mkono mmoja kunaukunja mgongo na kuuzungusha kwa pamoja, na kwenye kuweka unakuwa umechoka, akili imeshafika kwenye mapumziko. Kwa hiyo weka boksi imara la kimo cha goti mwanzoni na mwishoni mwa njia. Simama na chuma kikiwa juu ya boksi pembeni ya mguu wako, rudisha makalio nyuma, kunja magoti, kaza ubavu wa upande wa pili kwanza, ndipo uvute. Wakati wa kuweka, simama kabisa, vuta pumzi moja, kisha shuka kwa njia ileile. Ongeza kilo 2 hadi 4 pale tu video ya mita 5 za mwisho inapofanana na ya mita 5 za mwanzo.